Zidisha Agizo, Usizidishe Vali: Mwongozo wa Kulinda Uwiano wa Hewa na Gesi Kwenye Boila

Mwongozo huu ni wa fundi wa ala, mwendeshaji wa boila, au mhandisi kijana aliyekabidhiwa kichomeo cha gesi na kuambiwa ahakikishe moto unaungua safi. Mfano nitakaoutumia kuanzia mwanzo hadi mwisho ni boila ya mvuke ya aina inayopatikana katika viwanda vya Dar es Salaam, ambako gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika mwaka 2004. Gesi hiyo karibu yote ni methani, kwa hiyo hesabu zake ni nyepesi kufuata.

Boila yetu ina kichomeo kimoja, vali moja ya gesi, na feni moja ya hewa yenye dampa. Mzigo ukijaa inachoma gesi mita za ujazo 800 kwa saa. Mita zote za ujazo humu, za gesi na za hewa, zimehesabiwa katika hali moja ya joto na presha. Bila hivyo uwiano hauna maana.

Kisanduku: maneno manne utakayokutana nayo

- Agizo: kiwango ambacho kidhibiti kimeamriwa kukifikia. Mafundi wengi hukiita setipointi, na kwenye skrini kimeandikwa `SP`.
- Kipimo: kiwango halisi kinachosomwa na transmita, `PV` kwenye skrini.
- Kitanzi cha mtiririko: transmita, kidhibiti na vali (au dampa) vinavyofanya kazi pamoja ili kipimo kilingane na agizo.
- Mahitaji: kiasi cha moto kinachotakiwa na kidhibiti cha presha ya mvuke. Hapa tutakihesabu kwa mita za gesi kwa saa na kukiita D.

## Kwanza, kwa nini

### Moto unahesabu hewa, hauhesabu dampa

Mita moja ya ujazo ya methani inahitaji mita 9.52 za hewa ili iungue yote. Ukiipa pungufu, sehemu ya gesi inatoka ikiwa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, na gesi isiyoungua inaweza kujikusanya ndani ya tanuru na kulipuka. Ukiipa hewa nyingi kupita kiasi, unaipasha moto hewa ambayo haina kazi na kuitupa kwenye dohani.

Kwa sababu hewa na gesi hazichanganyiki kikamilifu, tunaongeza hewa ya ziada. Kwa boila yetu tumechagua mita 11 za hewa kwa kila mita ya gesi, yaani hewa ya ziada asilimia 15 hivi. Kwa uwiano huo utapima oksijeni karibu asilimia 3 kwenye moshi mkavu. Uwiano ukipanda hadi 13.3, oksijeni inafika asilimia 6.5. Kama moshi unatoka ukiwa na nyuzi 200 za Selsiasi, tofauti hiyo peke yake inakula karibu asilimia 1.5 ya nishati ya gesi unayolipia.

Angalia kipimo cha hesabu hiyo. Ni mita za hewa kwa mita za gesi, mtiririko kwa mtiririko. Hakuna mahali ambapo nyuzi za dampa au asilimia ya kufunguka kwa vali zimeingia.

### Kwa nini usifunge uwiano kwenye vali

Boila nyingi za zamani zimeunganisha vali ya gesi na dampa kwa fito na kamu: vali ikifunguka nusu, dampa nayo inafuata kadiri fundi alivyoikaza. Mfumo huu ni rahisi na hudumu, lakini unafanya dhana moja kubwa, kwamba dampa ikiwa mahali fulani, hewa inayopita ni ileile siku zote. Dhana hiyo si kweli.

Niliwahi kuitwa kwenye boila ya aina hiyo. Ilikuwa imekazwa asubuhi na mapema, nyuzi 24, kwa kifaa cha kupima moshi, na fundi alijibana hadi hewa 10.5 kwa gesi 1 ili kuokoa gesi ya mwezi. Kwa wakati ule ilikuwa sawa: oksijeni asilimia 2, kaboni monoksidi chini ya sehemu 50 kwa milioni. Nilipofika wiki tatu baadaye ilikuwa saa tisa alasiri, nyuzi 33. Kwenye kioo cha kuchungulia mwali ulikuwa mrefu na mlegevu, ncha zake za njano zikilamba ukuta wa nyuma, na tanuru lilikuwa linanguruma kwa mapigo kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Kifaa changu kilisoma kaboni monoksidi zaidi ya sehemu 2,000 kwa milioni.

Hakuna aliyegusa kamu. Hewa ya nyuzi 33 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 24 kwa asilimia 3. Chujio la feni lilikuwa limejaa vumbi, na nilipolisafisha nikakuta lilikuwa linazuia asilimia 6 nyingine. Piga hesabu:

```
10.5 x 0.97 x 0.94 = 9.57
```

Uwiano ulikuwa umeshuka kutoka 10.5 hadi 9.57, ukingoni kabisa mwa 9.52, huku kila fito ikiwa mahali pake. Dampa ilitii. Mtiririko ndio uliobadilika, na hakukuwa na chochote kilichokuwa kinautazama.

Kama kungekuwa na kitanzi cha mtiririko wa hewa, chujio lilipoanza kuziba kipimo kingeshuka chini ya agizo, na kidhibiti kingefungua dampa zaidi bila kuambiwa na mtu. Ndiyo sababu uwiano unawekwa kwenye agizo la mtiririko: unakiambia kidhibiti cha hewa unataka mita ngapi, nacho kinahangaika na dampa, chujio, joto na feni kwa niaba yako.

### Kwa nini usiugawanye uwiano na kuudhibiti wenyewe

Wengine husema: basi tupime hewa, tugawanye kwa gesi, jibu tulipeleke kwenye kidhibiti chenye agizo la 11. Inasikika vizuri, lakini jaribu namba.

Gesi ikiwa mita 800, ukiongeza hewa mita 100 uwiano unapanda kwa 0.125. Gesi ikiwa mita 200, mita 100 zilezile zinaupandisha kwa 0.5. Kwa macho ya kidhibiti, dampa imekuwa na nguvu mara nne. Ukikirekebisha kwa mzigo mkubwa, kitayumba kwa mzigo mdogo. Ukikirekebisha kwa mzigo mdogo, kitakuwa kizito kwa mzigo mkubwa.

Ukizidisha badala ya kugawanya, tatizo hilo halipo. Kuzidisha kunafanyika nje ya kitanzi: D mara 11 inatoa agizo la hewa, kisha kitanzi kinafanya kazi yake ya kawaida ya kufikisha mtiririko, na uwiano haubadilishi tabia yake. Uwiano uliogawanywa uonyeshe kwenye skrini ili mwendeshaji autazame. Usiufanye kuwa usukani.

## Uzidishe kipi: agizo la gesi au kipimo cha gesi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu njia zote mbili zina haki yake.

Ukizidisha kipimo cha gesi, hewa inaifuata gesi iliyopo kweli. Tatizo ni kwamba inaifuata kwa nyuma. Mzigo ukipanda, gesi inakuja kwanza na hewa inachelewa, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kukosa hewa. Isitoshe, kila mtetemo wa transmita ya gesi unazidishwa mara 11 na kupelekwa kwenye dampa.

Ukizidisha agizo, gesi na hewa zinapokea amri kwa wakati mmoja kutoka kwenye mahitaji ya mvuke. Zinaondoka pamoja, na amri ni tulivu. Lakini njia hii nayo ina upofu wake: dampa ikikwama, gesi haina habari. Itaendelea kutimiza agizo lake wakati hewa imebaki nyuma.

Suluhisho la boila ni kuuweka uwiano kwenye maagizo, halafu kumpa kila mmoja jicho la kumtazama mwenzake. Hilo linafanywa na viteuzi viwili, cha chini na cha juu, R ikiwa uwiano wa hewa kwa gesi:

```
FIC_GESI.SP = MIN( D, FI_HEWA.PV / R )
FIC_HEWA.SP = R * MAX( D, FI_GESI.PV )
```

Mstari wa kwanza unasema: gesi ipate inachohitaji mvuke, lakini isizidi kiasi ambacho hewa iliyopo sasa hivi inaweza kukichoma. Mstari wa pili unasema: hewa itoshe mahitaji mapya au gesi iliyopo, kile kilicho kikubwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba mzigo ukipanda hewa inatangulia, na mzigo ukishuka gesi inatangulia. Wakati wowote wa mabadiliko, kosa linaangukia upande wa hewa nyingi.

## Hatua za kuufunga mfumo

Onyo kabla ya kuanza. Uwiano hauchukui nafasi ya mfumo wa usalama wa kichomeo. Jicho la mwali, swichi za presha ya gesi, swichi ya hewa na upulizaji wa tanuru kabla ya kuwasha vibaki vikifanya kazi katika kila jaribio lililo hapa chini. Usikiuke hata kimoja ili jaribio lipite.

### Hatua ya 1: Hakikisha vipimo vinasema kweli

Mitiririko ya hewa na gesi mara nyingi hupimwa kwa tofauti ya presha, kwa mfano kwenye bamba lenye tundu. Tofauti hiyo hukua kwa mraba wa mtiririko: mtiririko ukiwa nusu, tofauti ya presha ni robo tu. Kwa hiyo lazima mahali fulani pachukuliwe kipeuo cha pili, na kichukuliwe mara moja tu.

1. Fungua mipangilio ya transmita, uone kama inatoa kipeuo cha pili.
2. Fungua mipangilio ya kidhibiti au PLC, uone kama nayo inachukua kipeuo.
3. Acha kimoja tu, kisha andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kisanduku cha transmita ni kipi.

Kipeuo kikichukuliwa mara mbili kwenye hewa, mtiririko halisi wa asilimia 49 utasomeka asilimia 70. Kidhibiti kitaamini hewa ipo tele wakati kichomeo kinakosa pumzi. Kikisahaulika kabisa, asilimia 70 itasomeka 49, na utachoma na hewa nyingi mno.

Weka pia kipima joto kwenye njia ya hewa na ukitumie kusahihisha kipimo. Kwa kipimo cha tofauti ya presha, hewa ikiwa nyepesi kwa asilimia 3, kosa la mtiririko litakuwa karibu asilimia 1.5. Ni dogo kuliko la kamu, lakini lipo.

### Hatua ya 2: Tuliza vitanzi viwili, kimoja kimoja

Usiunganishe uwiano kwenye vitanzi vinavyoyumba. Viweke kwenye agizo la ndani, mzigo ukiwa wa katikati, na kila kimoja ukipe mabadiliko madogo ya agizo ya asilimia 3 au 5. Anza na hewa. Unapoijaribu gesi, acha hewa ya kutosha kwa kiwango cha juu utakachofika, na kifaa cha kupima moshi kiwe ndani ya dohani.

Utaona hewa ni nzito: dampa na feni zinaweza kuchukua sekunde 12 au 15 kutulia, huku gesi ikitulia kwa sekunde 3. Punguza kasi ya kitanzi cha gesi hadi kikaribie cha hewa. Ukiacha pengo kubwa, viteuzi vitakuwa vinaingia kazini kila mara, hata kwa mabadiliko madogo.

### Hatua ya 3: Tafuta uwiano sahihi kwa kila mzigo

Namba 11 si ya mzigo wote. Moto ukipungua, kasi ya hewa kwenye kichomeo inashuka na mchanganyiko unakuwa dhaifu, hivyo hewa ya ziada inatakiwa zaidi. Shikilia boila kwenye mizigo minne, subiri itulie, kisha punguza hewa kidogo kidogo mpaka kaboni monoksidi ianze kupanda. Hapo rudi nyuma kwa nafasi ya kutosha na uandike.

Kwa boila yetu jedwali lilitoka hivi:

| Mzigo | Gesi (m³/saa) | Uwiano | Oksijeni kwenye moshi |
|---|---|---|---|
| Asilimia 100 | 800 | 10.9 | karibu asilimia 3 |
| Asilimia 75 | 600 | 11.0 | karibu asilimia 3 |
| Asilimia 50 | 400 | 11.4 | karibu asilimia 4 |
| Asilimia 25 | 200 | 12.8 | karibu asilimia 6 |

Usilinakili. Kila kichomeo kina jedwali lake, na kupata lako ndiyo kazi ya siku hiyo.

Chini ya asilimia 25 usiuamini uwiano tena. Mtiririko wa asilimia 20 unatoa asilimia 4 tu ya tofauti ya presha, na kosa dogo la transmita linakuwa kosa kubwa la hewa. Weka sakafu: agizo la hewa lisishuke kamwe chini ya kiwango ambacho mtengenezaji wa kichomeo amekitaja.

### Hatua ya 4: Geuza uwiano kuwa lugha ya kidhibiti

Vidhibiti vingi vinahesabu kwa asilimia ya kipimo chao badala ya mita za ujazo. Tuseme transmita ya gesi inasoma 0 hadi 800 na ya hewa 0 hadi 10,000. Uwiano wa 11 unakuwa:

```
11 x 800 / 10000 = 0.88
```

Namba unayoingiza ni 0.88. Hakiki kwa mkono: gesi asilimia 50 ni mita 400, hewa asilimia 44 ni mita 4,400, 4,400 kwa 400 ni 11. Sawa.

Onyo. Namba hii inafungwa na vipimo vya transmita zote mbili. Ukibadilisha transmita ya gesi ukaweka ya 0 hadi 1,000 bila kugusa 0.88, asilimia 50 ya gesi sasa ni mita 500, lakini hewa bado ni 4,400. Uwiano ni 8.8, chini ya 9.52. Umekosa hewa bila kengele kulia, na skrini itaonyesha kila kitu kiko mahali pake.

### Hatua ya 5: Unganisha viteuzi na ufunge milango ya nyuma

Andika mistari miwili ya `MIN` na `MAX`. Kisha fanya mambo matatu yanayosahaulika sana:

1. Tumia R ileile mahali pote pawili. Ukizidisha kwa 11 upande mmoja na kugawanya kwa 11.4 upande mwingine, kiteuzi kitaibana gesi chini ya mahitaji kila wakati, hata boila ikiwa imetulia.
2. Acha nafasi ndogo, kama asilimia 2, kabla kiteuzi cha gesi hakijaanza kubana. Bila hiyo, mitetemo ya kawaida ya kipimo cha hewa itakuwa inaipunguza gesi hata boila ikiwa imetulia.
3. Kidhibiti cha presha ya mvuke kijue kuwa gesi imebanwa. Kisipojua, kitaendelea kuongeza mahitaji kimyakimya, na hewa itakapopatikana gesi itaruka kupita kiasi. Kiambie kisimamishe hesabu yake ya kujumlisha wakati kiteuzi kimeshika.

### Hatua ya 6: Weka oksijeni mwishoni, na uipe kamba fupi

Kipima oksijeni cha dohani kinasahihisha kile ambacho vipimo vya mtiririko haviwezi kukiona, kwa mfano gesi iliyobadilika ubora. Kipe kazi ya kuibadilisha R. Kisiguse dampa moja kwa moja. Kiende polepole, na kisiruhusiwe kuihamisha R zaidi ya asilimia 5 kushuka au 10 kupanda. Kikiharibika, R irudi yenyewe kwenye jedwali la Hatua ya 3.

Onyo. Kama ukuta wa tanuru au kiungo cha dohani kina ufa unaovuta hewa, kipima oksijeni kitaona hewa ambayo haikupita kwenye moto. Kitaamini hewa ni nyingi na kuipunguza, na kichomeo kitaanza kutoa kaboni monoksidi huku oksijeni ikisoma asilimia 3 safi. Pima kaboni monoksidi pamoja na oksijeni, kila wakati.

## Jaribio la sekunde 15

Mfumo ukishakamilika, ujaribu. Tuchukue boila ikiwa na gesi 400 na hewa 4,400, R ikiwa 11 na nafasi ya asilimia 2 ikiwekwa kando kwa urahisi wa hesabu. Mahitaji yanaruka hadi 600, kwa mfano mashine kubwa ya mvuke imewashwa kiwandani. Agizo la hewa linakuwa 6,600 papo hapo, lakini hewa inapanda kama jedwali linavyoonyesha. Safu za bila viteuzi zinachukulia gesi ikiwa na kasi yake ya sekunde 3, kabla ya kupunguzwa katika Hatua ya 2:

| Muda | Hewa iliyopimwa | Gesi bila viteuzi | Uwiano bila viteuzi | Agizo la gesi kwa viteuzi |
|---|---|---|---|---|
| Sekunde 0 | 4,400 | 400 | 11.0 | 400 |
| Sekunde 4 | 5,000 | 600 | 8.3 | 455 |
| Sekunde 8 | 5,700 | 600 | 9.5 | 518 |
| Sekunde 15 | 6,600 | 600 | 11.0 | 600 |

Tazama safu ya sekunde ya 4. Bila viteuzi uwiano umeanguka hadi 8.3, hewa iliyopo ni asilimia 88 tu ya inayohitajika. Kwa sekunde nane hivi boila inakosa hewa, na hiyo inajirudia kila mashine inapowashwa. Kwa viteuzi, gesi inapanda ngazi kwa ngazi pamoja na hewa, na kwa kuwa gesi halisi inachelewa kidogo nyuma ya agizo lake, uwiano unabaki 11 au juu yake. Gharama yake ni sekunde kadhaa za kusubiri mvuke.

Sasa teremsha mahitaji kutoka 600 hadi 400. Agizo la gesi linashuka hadi 400 mara moja. Agizo la hewa linasubiri: gesi iliyopimwa ikiwa bado 520, agizo la hewa ni 5,720. Linashuka kadiri gesi inavyoshuka kweli.

Mwisho, iga dampa iliyokwama. Kiweke kidhibiti cha hewa kwenye mkono, hewa ikiwa 6,000, na uongeze mahitaji hadi 700. Gesi inapaswa kusimama karibu na 545 na kukataa kupanda, ikiongezewa ile nafasi ndogo ya asilimia 2 uliyoiacha. Ikipita hapo, viteuzi vyako havifanyi kazi. Usiikabidhi boila hiyo kwa mtu.

## Makosa yanayorudi kila mara

Kuiweka gesi kwenye mkono kwa sababu mvuke umepungua. Presha inashuka, mwendeshaji anaona gesi imeganda kwenye 545 na anaisukuma kwa mkono. Kile alichokiona kama ubovu ni ulinzi: hewa ndiyo iliyokosekana. Kagua feni, chujio na dampa kwanza.

Kuongeza hewa ghafla kwenye moto wenye njaa. Kama mwali ni wa njano na tanuru linapiga mapigo, ndani kuna gesi isiyoungua. Ukilifungulia hewa kwa ghafla, unaipa gesi hiyo kile ilichokuwa inakosa ili ilipuke. Punguza gesi taratibu hadi uwiano urudi. Mwali ukiwa umepotea au hautulii, zima na upulize tanuru kabla ya kuwasha tena.

Kubana uwiano siku ya ukaguzi. Oksijeni ya asilimia 1.5 inapendeza kwenye ripoti. Acha nafasi kwa ajili ya alasiri yenye joto na chujio la wiki ya tatu.

Kusahau kuoanisha unapotoka mkono kwenda otomatiki. Kabla ya kurudisha, agizo lililohesabiwa na uwiano lilingane na kipimo cha sasa. Lisipolingana, hewa itaruka au kuanguka kwa mkupuo mmoja.

## Orodha ya kukagua: ibandike karibu na paneli

☐ Kipeuo cha pili kimechukuliwa mara moja tu, kwa gesi na kwa hewa.

☐ Vipimo vya transmita vilivyo kwenye skrini ni vilevile vilivyo kwenye transmita zenyewe.

☐ Uwiano wa asilimia umehesabiwa upya baada ya transmita yoyote kubadilishwa.

☐ R moja inatumika kwenye `MIN` na kwenye `MAX`.

☐ Sakafu ya hewa imewekwa, na imejaribiwa kwa mzigo mdogo.

☐ Jaribio la kupanda, la kushuka na la dampa iliyokwama limefanyika, na grafu zake zimehifadhiwa.

☐ Oksijeni na kaboni monoksidi zimepimwa kwenye mizigo minne.

☐ Kiwango cha kufunguka kwa dampa kwa mzigo wa asilimia 75 kimeandikwa leo.

Mstari huo wa mwisho usiuruke. Kitanzi cha hewa kitaendelea kulinda uwiano kwa kufungua dampa zaidi na zaidi chujio linapoziba, na moto utabaki mzuri hadi siku dampa ifike mwisho. Kama leo mzigo wa asilimia 75 unapatikana dampa ikiwa wazi asilimia 55, na mwezi ujao ikahitaji 70, chujio limeshakwambia linahitaji kusafishwa, kabla mwali haujageuka njano.